Mkoba wa mkonge, mitandao minne: upi unakulipa na upi unakuchosha

*Shikamoo dada. Niko Makorora hapa Tanga, nauza mikoba ya mkonge. Naposti Instagram, Facebook, TikTok na stetasi ya WhatsApp kila siku, watu wanauliza mpaka simu inapata moto ila mwisho wa mwezi hela siioni. Mtu kaniambia nitumie shiti niandike kila anayeuliza, sasa niandike nini na nitajuaje mtandao upi niuache?*

Marahaba mdogo wangu. Huyo aliyekwambia kakwambia kweli, ila kakuachia nusu ya kazi, maana shiti ya wanaouliza peke yake itakuonyesha tu kwamba unaulizwa sana, na hilo simu yako inalijua tayari. Kinachokosekana hapo ni vitu viwili, muda wako na mahali mtu alipokuona *kwanza*. Ngoja nianze na hilo la pili kwa sababu mimi mwenyewe lilinichoma.

Kipindi fulani nilikuwa nauza viungo, iliki na mdalasini natoa Muheza napaki mwenyewe nyumbani. Nikawa na daftari, naandika kila mauzo yametokea wapi, mwezi ukiisha naona WhatsApp WhatsApp WhatsApp, Instagram imeleta watu wawili. Nikasema aa, najisumbua bure na mapicha, nikaacha Instagram kabisa. Mwezi wa kwanza hamna kilichobadilika nikajiona mjanja, mwezi wa pili WhatsApp nayo ikaanza kukauka, wanaoagiza ni walewale wa zamani na wao wana iliki ya kutosha. Ndo nikashtuka kwamba wale wa WhatsApp wengi walikuwa wameniona Instagram, wakachukua namba pale, wakaja kumalizia biashara WhatsApp. Mimi nilikuwa naandika walipolipia nikidhani ndo walipotokea. Kwahiyo kwenye shiti yako safu ya mtandao ina maana moja tu, alikuona wapi mara ya kwanza, hata kama baadaye mliongea WhatsApp wiki nzima.

Sasa fungua Google Sheets, faili moja kwa mwezi mmoja, ndani yake kurasa tatu. Ya kwanza iite ULIZO. Safu zake ni A tarehe aliyouliza, B jina au namba, C alikotuona, D alichouliza, E hali, F tarehe aliyolipa, G mauzo, H gharama, I faida, J sababu ya kutonunua. Usiongeze nyingine sasa hivi. Nimeona watu wanaanza na safu ishirini, umri, jinsia, rangi anayopenda, wiki ya pili wamechoka hawajazi tena.

Mstari mmoja ni mtu mmoja, sio meseji moja. Mtu akiuliza bei Instagram asubuhi, mchana akauliza kama ipo nyeusi, jioni akaja WhatsApp, huyo ni mstari uleule, unaujaza palepale. Ukimwandika mara tatu utajiona una wateja wengi wasionunua kumbe ni mmoja anayesitasita. Na uandike palepale anapouliza, sio usiku. Usiku unawakumbuka walionunua tu, wale walionyamaza wanapotea, na wale ndo wamekula muda wako.

Kujua katokea wapi unamuuliza tu, na unamuuliza mapema kabla hamjaanza kupatana bei, "karibu dada, samahani umetuona wapi kwanza?" Wengi watakujibu "mtandaoni", hapo unauliza uliona picha ya mkoba upi, maana wewe unajua ile ya mistari ya bluu uliiweka Facebook tu. Ila njia nzuri zaidi ni kumfanya aje na jibu lake mwenyewe. WhatsApp ina linki inayofungua meseji ikiwa imeshaandikwa, mteja anabonyeza kutuma tu. Tengeneza tofauti kwa kila mtandao, moja uweke kwenye wasifu wa Instagram na nyingine kwenye ukurasa wa Facebook:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%20nimetoka%20Instagram
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%20nimetoka%20Facebook
```

Namba inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, na kila nafasi kati ya maneno unaandika `%20`. Sio wote watapita hapo, wapo watakaosevu namba wakakupigia kesho, hao unawauliza kwa mdomo.

Safu ya C usiiandike kwa mkono kabisa, weka orodha ya kuchagua. Ukiandika mwenyewe leo utaandika Instagram kesho insta keshokutwa IG, na shiti itaona hayo ni mambo matatu tofauti. Kwenye simu kutengeneza hiyo orodha kunasumbua kidogo, nenda steshenari yoyote yenye kompyuta hapo mjini, fungua akaunti yako, chagua safu nzima kisha `Insert` halafu `Dropdown`, andika Instagram, Facebook, TikTok, Stetasi, Kuambiwa, Sijui. Ukimaliza toka kwenye akaunti usiiache wazi. Hiyo Sijui usiione kama uzembe, iweke, mtu akikataa kusema au ukisahau kumuuliza anaingia huko badala ya kumbahatishia mtandao. Ila Sijui wakizidi mmoja kati ya watano mwezi huo usiamue kitu, uliza vizuri zaidi mwezi unaofuata. Safu ya E nayo iwe ya kuchagua, Kauliza, Kaahidi, Kanunua, Hakununua.

Kwenye hela andika namba tupu, 35000, sio 35k wala 35,000/= maana ukiweka zile alama shiti inaiona kama maneno na kwenye kujumlisha inairuka kimyakimya, haikwambii. Utaigundua kwa macho, namba halisi inakaa upande wa kulia wa kisanduku, iliyogeuka maneno inakaa kushoto. Namba ya simu ni kinyume chake, ile tunataka iwe maneno ili sifuri ya mwanzo isiliwe, anza na alama ya `'` kisha 07 na kuendelea.

Gharama ni zile zinazotoka kwa sababu ya mkoba huo. Mkonge wenyewe, rangi, kitambaa cha ndani, zipu, hela ya mfumaji, mfuko wa kufungia, makato ya kutoa hela kwenye simu, na bodaboda kama wewe ndo umelipa. Nauli ya basi kama mteja kalipia mwenyewe usiiingize kokote, sio mauzo yako na sio gharama yako. Watu wengi hapa wanajidanganya, mteja katuma 43,000 ndani yake kuna 8,000 ya basi, wanaandika mauzo 43,000. Safu ya I inajihesabu yenyewe, kwenye mstari wa pili andika hivi halafu ivute chini:

```
=IF(E2="Kanunua",G2-H2,0)
```

Ukurasa wa pili uite MUDA. Safu nne tu, tarehe, mtandao, dakika, hela. Hapa ndo unaandika leo nimekaa dakika 50 kurekodi na kukata video ya TikTok, dakika 20 kujibu inboksi za Instagram, nimebusti posti 5,000, bando kiasi gani. Kila jioni kabla ya kulala, ni dakika moja. Usisubiri mwisho wa mwezi ukisie, ukikisia utaandika kidogo kwa ule mtandao unaoupenda na kingi kwa ule unaokukera, binadamu ndivyo tulivyo. Picha moja ukiitumia sehemu tatu gawa muda wa kuipiga kwa tatu, na majina ya mitandao humu yawe yaleyale ya kwenye orodha.

Ukurasa wa tatu ni MWEZI. Kwenye A2 kushuka chini andika majina yote ya ile orodha, Kuambiwa na Sijui wakiwemo, alafu mbele yake weka hizi, ukishaweka mstari wa 2 vuta chini kwa mingine:

```
B2  =COUNTIFS(ULIZO!C:C,A2)
C2  =COUNTIFS(ULIZO!C:C,A2,ULIZO!E:E,"Kanunua")
D2  =SUMIFS(ULIZO!I:I,ULIZO!C:C,A2)
E2  =SUMIFS(MUDA!C:C,MUDA!B:B,A2)/60
F2  =SUMIFS(MUDA!D:D,MUDA!B:B,A2)
G2  =IF(E2=0,"",(D2-F2)/E2)
```

B ni waliouliza, C walionunua, D faida, E masaa uliyotumia, F hela uliyotoa, na G ndo yenyewe, kilichobaki kwa kila saa moja ya jasho lako. Kama shiti inakataa zile koma jaribu kuweka `;` badala yake, inategemea mpangilio wa nchi wa akaunti yako. Na kabla hujaamini chochote jumlisha safu ya B, ulinganishe na idadi ya mistari kule ULIZO:

```
=COUNTA(ULIZO!B:B)-1
```

Zikitofautiana kuna mtu hajawekewa mtandao au kuna jina limekosewa, mtafute kwanza.

Sasa nikuonyeshe inavyosomeka maana hapo ndo watu wanapotea. Kuna mama mmoja wa Chuda anauza mikoba kama yako, nilimkalisha chini tukafanya mwezi mzima. Mkoba anauza 35,000, gharama zote 22,000 na humo 12,000 ni ya mfumaji, kwahiyo faida 13,000 kwa mkoba. Yeye alikuja kwangu akiwa na uhakika TikTok ndo mkombozi wake, na ukiangalia waliouliza huwezi kumlaumu, TikTok 64, Instagram 38, Facebook 21, stetasi 17. Facebook alikuwa anaiita ya wazee.

TikTok kati ya wale 64 walionunua ni 4, mkoba mmoja mmoja, faida 52,000. Toa bando na kubusti 15,000 inabaki 37,000. Masaa aliyotumia 22. Gawa, unapata kama 1,680 kwa saa. Mfumaji wake anatumia masaa sita hivi kumaliza mkoba kwa hiyo 12,000, yaani 2,000 kwa saa. Mwenye biashara analipwa chini ya mfumaji wake! Alinyamaza kidogo akaniomba nihesabu tena.

Instagram walinunua 9, mikoba 11, faida 143,000, katoa 30,000 ya kubusti, masaa 14, inakuja karibu 8,070 kwa saa. Stetasi walinunua 6, faida 78,000, bando 2,000, masaa 3, hiyo ni kama 25,300. Na Facebook ya wazee, walionunua 7 wakachukua mikoba 12, faida 156,000, bando 3,000, masaa 5 tu kwa sababu alikuwa anaposti kwenye magrupu anaondoka, 30,600 kwa saa.

Mtu wa haraka hapo anasema basi, funga TikTok, hamia Facebook. Subiri. Namba ikiwa ndogo hivi mteja mmoja anaweza kuipindua, kwahiyo kila mara fanya jaribio hili, mtoe mnunuzi mkubwa kuliko wote kwenye mtandao ulioongoza uone kama bado unaongoza. Pale Facebook kulikuwa na mwalimu mmoja wa Korogwe alichukua mikoba mitano ya zawadi mara moja. Ukimtoa inabaki mikoba 7, faida 91,000, toa bando 3,000, gawa kwa 5 unapata 17,600. Imeshuka chini ya stetasi ila bado ni mara mbili ya Instagram, kwahiyo Facebook kweli inamlipa, ila sio 30,000 kwa saa, asije akapangia maisha hiyo hela.

Na stetasi usiifananishe na nyingine. Anayeona stetasi yako ni mtu ambaye namba yako anayo tayari, na namba hiyo aliipata sehemu. Wale 6 wa mama wa Chuda tukakagua, wanne alikuwa kashawauzia huko nyuma na mara ya kwanza walitokea Instagram. Mteja wa zamani akirudi kununua ndo pekee simfuatishii ile kanuni ya mara ya kwanza, namwandika Stetasi kama stetasi ndo iliyomrudisha, ila nikiisoma ile 25,000 nakumbuka ni matunda ya mti uliopandwa kwingine. Instagram yake inaonekana imeleta 8,070 lakini inalisha stetasi pia, kwahiyo hatukuigusa. Hilo halipo kwenye fomula yoyote, inabidi ukae uangalie majina.

Turudi TikTok, maana hapo ndo palikuwa na hela imelala. Ile safu ya J ya sababu watu wanaona kero kuijaza, lakini yeye aliijaza. Kati ya 60 ambao hawakununua, 31 walisikia bei wakaaga, 17 walikuwa Mwanza, Mbeya huko, wakagoma nauli ya mzigo, 12 walinyamaza tu. Ukisoma hivyo unaona tatizo ni kwamba anatumia masaa kujibu bei gani mko wapi kwa watu ambao wangejua hayo mawili wala wasingeuliza. Tukamwambia kila video iandikwe juu kabisa 35,000 na Tanga mjini, na ya kutuma mikoani nauli kwa mteja. Mwezi uliofuata waliouliza wakashuka kutoka 64 mpaka 27, akanipigia analalamika nimemuharibia. Nikamwambia fungua MWEZI. Walionunua 5, faida 65,000, bando na kubusti 11,000, masaa 12. Ni 4,500 kwa saa, imekaribia kuwa mara tatu, na jioni zake kapata za kufanya mengine. Wanunuzi kutoka 4 kwenda 5 usihesabu kama ushindi, hiyo inaweza kuwa bahati tu, kilichobadilika kweli ni yale masaa kumi.

Aliwahi kuweka pia video akisimulia mkonge ulivyofika huku, yule Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndo ilifika hai ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Video tamu kweli, mimi mwenyewe niliitazama mara mbili, ilipendwa kuliko zote alizowahi kuweka. Kwenye ULIZO ikaleta watu watatu, hamna aliyelipa, na ilimla masaa manne. Sijamkataza kuzitengeneza, anazipenda, ila sasa anajua zile masaa manne ni za starehe yake.

Kuhusu tarehe kuna mtego mmoja. Watu wetu wananunua mshahara ukitoka. Mtu anauliza tarehe 18, analipa tarehe 2 ya mwezi mwingine. Ukimwingiza kwenye faili la mwezi aliolipa, mwezi uliofanya kazi unaonekana mbovu na mwezi uliolala unaonekana mzuri. Yeye abaki kwenye mstari wake wa mwezi aliouliza, unabadilisha tu hali iwe Kanunua na kujaza F, G na H. Ndo maana faili la mwezi silifungi tarehe 30, nalifunga tarehe 15 ya mwezi unaofuata, wote waliobaki Kaahidi nawageuza Hakununua. Akija kulipa tarehe 20 mpokee kwa mikono miwili, mrudishe palepale kwenye mstari wake.

Kuacha mtandao usiamue kwa mwezi mmoja. Mimi nataka miezi mitatu, au angalau watu thelathini wameuliza kutoka huko, na hata hapo nabadilisha kitu kimoja kwanza kama tulivyofanya ile bei kwenye video, nione. Na ukiamua kuacha punguza nusu, sio kukata, uangalie kama Stetasi na Kuambiwa navyo vinashuka mwezi wa pili. Visiposhuka, acha kwa amani. Ramadhani na mwezi wa shule kufunguliwa usiulinganishe na mwezi wa kawaida, hapo kila mtandao unadanganya.

Wewe anza na mwezi unaoingia, huu uliobaki umeshaharibika usijaribu kuujaza kwa kukumbuka. Ukifika tarehe 15 ya mwezi wa pili yake nitumie tuangalie pamoja, ila nitumie ukurasa wa MWEZI na safu ya sababu tu. Majina na namba za watu ziache kwako, na usigawe faili kwa ile linki inayofunguliwa na yeyote, tangu 2023 tuna sheria ya taarifa binafsi inafanya kazi, na namba ya simu ya mteja ni mojawapo ya taarifa hizo.